Pointi Moja: Namna ya Kuomba Karatasi ya KCSE Isahihishwe Upya

Mwaka hadi mwaka matokeo ya KCSE yakishatangazwa, hapa kwetu Kitengela utasikia kauli ileile katika kila ploti: "Haya si matokeo yangu. Nitaomba wasahihishe tena." Baada ya wiki mbili kimya kinatanda. Wengi hawajui waanzie wapi, na wachache wanaojua hushangaa kwamba kinachowasumbua zaidi si barua bali pesa. Mimi pia sikujua lolote hadi yalipomfika binamu yangu, ambaye nitamwita Dada humu kwa sababu ndivyo ninavyomwita nyumbani.

Dada alisomea shule ya bweni karibu na mji wa Kajiado, ilhali wazazi wake wanaishi huku Kitengela. Matokeo ya KCSE ya mwaka wa 2024 yalitangazwa Alhamisi tarehe 9 Januari 2025. Jioni hiyo tulikuwa sote sebuleni, Mjomba amevaa miwani, simu inazunguka kutoka mkono hadi mkono. Hati ilipofunguka ilikuwa hivi: Kiingereza C+, Kiswahili C-, Hisabati D+, Biolojia C, Kemia C-, Historia B-, Dini ya Kikristo B, Biashara C. Gredi ya wastani ilikuwa C, bila alama yoyote mbele yake.

Mjomba hakuelewa kwa nini Dada analia. C si E, akasema. Ndipo nikachukua kalamu tukapiga hesabu, nami naomba mwipige pamoja nami, kwa maana bila hesabu hii hutajua somo gani la kuombea.

Kila gredi ina pointi zake: A ni 12, A- ni 11, na hivyo hivyo kushuka hadi E ambayo ni 1. Wastani hutolewa kwa masomo saba, hata kama umefanya manane. Tangu KCSE ya 2023 utaratibu ulibadilika: wanachukua Hisabati, lugha moja, kisha masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. Kwa Dada, Hisabati ilimpa 4 na Kiingereza 7. Kisha Dini 9, Historia 8, Biolojia 6, Biashara 6. Somo la tano lilikuwa Kiswahili au Kemia, yote mawili yana 5, kwa hiyo moja tu liliingia na jingine likabaki nje. Jumlisha: 45.

Gredi C ni kuanzia pointi 39 hadi 45. C+ huanzia 46, na C+ ndiyo kiwango cha chini cha kuchaguliwa kwenda chuo kikuu kusomea shahada. Pointi moja, wasomaji! Kiswahili kikipanda kutoka C- hadi C, basi 45 inakuwa 46. Kemia ikipanda, ni vivyo hivyo. Hisabati pia.

Kisha Mjomba akauliza swali ambalo lilinifanya nimheshimu zaidi: "Na wakisahihisha tena halafu alama zishuke?" Ni swali la haki. Anayeomba kusahihishwa upya anaomba alama zake za kweli, na hizo zinaweza kuwa juu, palepale au chini. Lakini tazama hesabu tena. Kiswahili kikishuka hadi D+, pointi 4, kitatoka kwenye masomo matano na Kemia yenye 5 itaingia mahali pake. Jumla itabaki 45. Kwa upande wa wastani, Dada hakuwa na cha kupoteza katika Kiswahili. Angekuwa anaombea Hisabati, mambo yangekuwa mengine, maana Hisabati lazima ihesabiwe hata iwe E.

Asubuhi iliyofuata Mjomba alitaka twende moja kwa moja Nairobi, kwenye ofisi za Baraza la Mitihani la Kitaifa, yaani KNEC. Hilo ndilo kosa la kwanza ambalo watu hufanya. Baraza hufanya kazi na kituo cha mtihani, na kituo ni shule. Ombi hupitia kwa mwalimu mkuu wa shule uliyofanyia mtihani, na aliyefanya kama mtahiniwa wa kibinafsi hupitia kituo alikosajiliwa. Ukienda mwenyewe na hati mkononi, utaambiwa urudi ulikotoka, na nauli imeisha.

La pili ni muda. Ombi linatakiwa ndani ya siku 30 tangu matokeo yatangazwe. Hesabu kutoka tarehe 9 Januari na utaona kwamba siku ya 30 iliangukia tarehe 8 Februari, ambayo ilikuwa Jumamosi. Kwa hiyo kwa mtu mwenye akili, siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa tarehe 7. Tena hizo ni siku za Baraza kupokea ombi, si siku za wewe kuanza kufikiria. Ukitoa siku za kulia, siku za kulaumu walimu na siku za kutafuta pesa, hubaki na wiki mbili hivi.

Basi tulipanda matatu pale stejini, tukapita Isinya, na baada ya mwendo wa saa moja hivi tukashuka Kajiado. Mwalimu mkuu alitupokea vizuri lakini hakutuahidi kitu. Alimwita mwalimu wa Kiswahili wa Dada, akatuachia ofisi ndogo. Mwalimu huyo hakuanza na barua. Alianza kumhoji Dada kama daktari.

"Katika Insha, ile ya hiari uliandika swali gani?"

"Methali, Mwalimu."

"Ulishughulikia pande zote mbili za methali, au ulisimulia kisa tu?"

Dada akanyamaza kidogo. "Nilisimulia kisa, Mwalimu. Nadhani upande wa pili haukutokea vizuri."

Mwalimu akaandika kitu kwenye karatasi. Kisha akatueleza jambo ambalo kila mtahiniwa wa Kiswahili anapaswa kulijua. Hati ya KCSE huonyesha gredi peke yake. Haionyeshi alama, wala haionyeshi ni karatasi ipi kati ya zile tatu iliyokuangusha. Unaomba ukiwa gizani. Kwa hiyo kabla ya kulipa ni lazima mtahiniwa na mwalimu wake wakumbuke mtihani swali kwa swali, wakadirie tatizo liko wapi.

Kiswahili kina karatasi tatu. 102/1 ni Insha, alama 40. 102/2 ni Lugha, alama 80. 102/3 ni Fasihi, alama 80. Jumla ni 200. Insha, kwa maneno mengine, ni sehemu moja tu kwa tano ya somo zima. Tena Insha husahihishwa kwa viwango, kuanzia D hadi A, kila insha ikiwa na alama 20. Msahihishaji husoma, huamua kiwango, kisha hutoa alama ndani ya kiwango hicho. Aliyepotoka mada hutupwa kwenye D, alama zisizozidi 5, hata lugha yake iwe tamu namna gani. "Nikikuombea Insha," akasema Mwalimu, "na wewe mwenyewe unakiri upande wa pili wa methali haukutokea, huyo wa pili ataona alichoona wa kwanza."

Hapo ndipo nilipoelewa maana ya kuomba kusahihishwa upya. Mimi nilikuwa nikidhani ni kumpa mtu mwingine karatasi labda atakuwa na moyo mwema zaidi. Sivyo. Yeye naye anatumia mwongozo uleule wa kusahihisha, uliokubaliwa na wasahihishaji wote kabla kazi haijaanza. Katika vituo vya kusahihishia, walimu hugawana maswali: huyu swali hili, yule lile, na karatasi moja hupita mikono kadhaa kabla ya alama kujumlishwa na kuingizwa. Juu yao kuna viongozi wanaochukua baadhi ya karatasi na kuzipitia tena. Katika mpangilio kama huo, si rahisi mtu mmoja akuchukie wewe pekee.

Makosa yanayoweza kutokea ni ya namna nyingine: ukurasa wa nyuma kurukwa, jibu lililoendelezwa kwenye karatasi ya ziada kutoonekana, alama za swali moja kuachwa wakati wa kujumlisha, au 63 kuandikwa 36. Haya ndiyo yanayoweza kuhamisha gredi, na haya ndiyo unayopaswa kuyatafuta katika kumbukumbu zako. Ukiwa sababu yako ya pekee ni "nilitarajia zaidi", unaombea bahati.

Mwalimu akageukia Fasihi. Alimuuliza Dada alijibu maswali mangapi. Manne, akasema, kama inavyotakiwa. Kutoka sehemu tofauti? Ndiyo. (Swali hilo si la bure. Kuna watu hujibu maswali mawili ya sehemu moja, kisha hushangaa mbona alama za swali zima hazikuhesabiwa.) Kisha akauliza la mwisho: "Nafasi ilikutosha?"

"Hapana, Mwalimu. Swali la mwisho niliandika kwenye karatasi ya ziada. Nilifunga na uzi."

Mwalimu akaweka kalamu chini. Swali la Fasihi lina alama 20. Tuseme Dada alipata 12 katika lile la mwisho. Alama 12 kati ya 200 ni 6 kwa mia, na hizo zinatosha kuvusha mtu mpaka wa gredi. Hatukuwa na ushahidi kwamba karatasi ile haikuonekana. Lakini sasa tulikuwa na sababu inayoweza kuandikwa kwenye barua, tena tulijua ni karatasi ipi: 102/3.

Sasa tuje kwenye pesa, maana najua wengi mmeruka huko juu mkitafuta sehemu hii. Kiasi chenyewe sikiandiki makusudi. Ada hubadilishwa, na jarida hili hukaa maktaba miaka mingi. Sitaki mtu aje kubishana na mhasibu akishika ukurasa wangu. Mwalimu mkuu ndiye wa kuulizwa ada ya mwaka huo. Lakini kuna maswali matatu ambayo lazima yajibiwe kabla shilingi haijatoka mfukoni.

Je, ada ni ya somo au ya karatasi? Sisi tulihesabiwa kwa karatasi. Hilo lilibadilisha kila kitu, kwa sababu kuombea Kiswahili chote kungekuwa ada mara tatu, na kuongeza Kemia, ambayo nayo ina karatasi tatu pamoja na ile ya maabara, kungekuwa mara sita. Mjomba anauza mbao. Januari ni mwezi wa karo za wadogo zake Dada. Uchunguzi wa Mwalimu ndio uliopunguza mzigo huo ukawa wa karatasi moja.

Je, gredi ikipanda utarudishiwa? Kule Uingereza, kwa mitihani ya GCSE na A-level, gredi ikibadilika ombi halilipiwi. Watu husikia hivyo kutoka kwa jamaa walioko ng'ambo wakadhani ni sheria ya dunia nzima. Kwetu usiingie ukitegemea hilo. Hesabu kwamba pesa imekwenda, kisha ujiulize kama bado unataka.

Na je, inalipwa wapi? Hapa nisimulie kidogo. Tukiwa bado Kitengela, kijana mmoja kwenye saiba alimsikia Dada akiongea, akamvuta kando. Ati ana mtu "ndani". Ati kwa elfu kumi na tano C- itakuwa B, mradi tumpe namba ya mtahiniwa na tutume pesa kwa simu yake usiku huohuo. Shangazi yangu, mke wa Mjomba, alikuwa tayari kuuza mbuzi. Kwa bahati Mjomba ni mtu wa risiti. Akamuuliza yule kijana, "Na risiti nitapata ya jina gani?" Kijana akacheka, akasema mzee, haya mambo hayana risiti. Basi, yakaishia hapo. Malipo ya kweli huambatana na bili yenye jina la huduma, na tangu 2023 serikali ilielekeza malipo ya huduma zake yapitie eCitizen, paybill 222222, si namba ya mtu binafsi. Na hakuna ofisi halali inayokutajia gredi utakayopata kabla karatasi haijafunguliwa.

Barua yenyewe iliandikwa na shule. Ilikuwa kwenye karatasi yenye jina la shule, ikiwa na sahihi ya mwalimu mkuu na muhuri. Ilitaja mwaka wa mtihani, majina ya Dada kama yalivyo kwenye hati, na namba yake kamili yenye tarakimu 11: nane za kwanza ni za kituo, tatu za mwisho ni za mtahiniwa. Mwalimu alizisoma mara mbili kwa sauti, kwa sababu tarakimu moja ikikosewa unaombea karatasi ya mtu mwingine. Ilitaja 102/3 kwa namba, haikusema tu "Kiswahili". Sababu iliandikwa kwa sentensi mbili: kwamba mtahiniwa alitumia karatasi ya ziada kwa swali la mwisho, na kwamba alama zake za shule zinatofautiana sana na gredi hii. Ziliambatishwa nakala ya hati ya matokeo, nakala ya risiti, na alama zake za Fasihi za mwaka mzima, ukiwemo mtihani wa majaribio alikopata B+. Mjomba alitaka iongezwe kwamba mtoto huyu amelelewa kwa shida na anamcha Mungu. Mwalimu mkuu alikataa kwa upole. Msahihishaji hapokei hayo.

Niwakumbushe jambo moja hapa. Ukiona X mahali pa gredi wakati wewe ulifanya mtihani huo, tatizo lako si la kusahihishwa upya, usilipie hivyo. X humaanisha umehesabiwa kuwa hukuwepo. Dawa yake ni daftari la mahudhurio ulilotia sahihi chumba cha mtihani, na mwalimu mkuu ana nakala. Y nayo inahusu udanganyifu, na hiyo ina njia yake tofauti kabisa.

Ombi la Dada liliondoka Kajiado mwishoni mwa Januari, siku zikiwa zimebaki chache. Mwalimu mkuu alimpa Mjomba nakala ya kila kitu, akaziweka kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati. Kisha ikawa kungoja. Kungoja huku kuna hatari yake, kwa sababu mambo mengine hayakungojei. Nafasi ya kuchagua kozi kupitia KUCCPS ilipofunguliwa, jibu lilikuwa halijafika. Rafiki zake walimwambia asijaze chochote, atajaza akishapata C+. Mwalimu wake alimwambia kinyume: jaza kwa gredi uliyo nayo. C inatosha kabisa kwa stashahada, na gredi ikipanda baadaye utajua la kufanya. Dada akajaza stashahada ya ualimu, akiwa amenuna.

Jibu lilifika shuleni mwezi wa nne, nasi tukapigiwa simu. Karatasi ya 102/3 ilikuwa imepitiwa. Gredi haikubadilika. Hatukuonyeshwa karatasi yenyewe, kwa maana Baraza halimrudishii mtahiniwa karatasi yake, kwa hiyo hadi leo hatujui kama swali la mwisho lilipata 12 au 4. Tulijua tu kwamba lilikuwa limeonekana.

Mjomba alikunja risiti akairudisha kwenye bahasha ya kaki. Hakulalamika. Lakini usiku, tukila, akaniuliza polepole, "Na ile Kemia? Si nayo ingetupa pointi hiyo moja?"

Ingetupa. Lakini siku 30 zilikuwa zimekwisha tangu Februari, na Dada alikuwa amekwishaanza kutafuta sanduku la kupelekea chuoni.